Spika Inapomchukulia Binti Kuwa Mama: Kutatua Mkanganyiko wa Sauti na Akaunti Nyumbani

Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, dada yangu anayeishi Mamboleo, Kisumu, alinipigia simu akiwa amekasirika kwelikweli. "Kaka, hii spika yako imenichosha. Nikiamka asubuhi nataka rumba yangu nikipika chai, inanichezea gengetone. Na orodha zangu zote kwa simu zimejaa nyimbo za watoto. Hata sijui ni akaunti ya nani sasa."

Spika yenyewe ni Nest Mini ya Google, ile inayoamriwa kwa sauti, ndogo ya mviringo, iko sebuleni juu ya kabati la vyombo. Nyumbani mle kuna watu watano: dada, shemeji, binti wa miaka kumi na sita, kijana wa kumi na minne, na mama mkwe wa dada ambaye wajukuu humwita Dani. Wote isipokuwa Dani walikuwa wamesajili sauti zao kwa Voice Match, ule mpango wa Google unaoiwezesha spika moja kutambua hadi watu sita na kumpa kila mmoja nyimbo za akaunti yake mwenyewe. Kwa miezi kadhaa ulifanya kazi vizuri, halafu ukaharibika.

Nilienda Jumamosi moja na nikakaa nao siku nzima. Nitaeleza tulivyofuata dalili moja baada ya nyingine, kwa sababu karibu kila tatizo la aina hii nililowahi kuitiwa, tangu Nakuru hadi Kakamega, huangukia mojawapo ya yale tuliyoyakuta pale.

Anza kwa kuiuliza inakujua kwa jina gani

Watu wengi nyimbo zikichanganyika hukimbilia kufuta kila kitu na kusajili upya. Usifanye hivyo kwanza. Spika hufanya kazi mbili zinazofuatana: kwanza inaamua ni nani anayeongea, kisha inafungua akaunti ya muziki iliyofungamanishwa na mtu huyo. Kosa linaweza kuwa kwenye hatua ya kwanza au ya pili, na dawa zake hazifanani hata kidogo. Kuna swali moja linalozitenganisha. Simama pale unaposimama kila siku, ongea kwa sauti yako ya kila siku, useme:

```
Hey Google, who am I?
```

Ikikuita kwa jina lako, utambuzi ni mzima na shida iko kwenye akaunti. Ikikuita kwa jina la mwenzako, imekosea sauti. Ikisema haijui sauti yako, basi inakuona mgeni. Mwambie kila mtu afanye hivyo, tena si mara moja. Mimi hupenda mara kumi: tano karibu na spika, tano kutoka mahali mtu huwa hasa anapoitumia. Andika majibu kwenye karatasi. Ukipima mara moja tu, bahati inaweza kukudanganya.

Karatasi yetu ya Mamboleo ilitoka hivi. Shemeji: kumi kwa kumi. Dada: karibu na spika aliitwa kwa jina lake mara tano zote, lakini kutoka jikoni aliitwa kwa jina la bintiye mara tatu. Binti: mara nne aliitwa kwa jina la mamake. Kijana: hakutambuliwa hata mara moja. Dani hakuwa amesajiliwa, kwa hiyo alikuwa mgeni kila mara. Hapo hapo tukajua kwamba tuna matatizo manne, si moja, na yote yalikuwa yanamwagikia akaunti ya dada.

Dalili: inakuita kwa jina la mtu mwingine

Mama na binti, au ndugu wawili wa jinsia moja, ndio wanaochanganywa sana. Google wenyewe huonya wakati wa usajili kwamba sauti inayofanana na yako inaweza kuchukuliwa kuwa ni yako. Lakini kufanana kwa sauti peke yake mara nyingi hakutoshi kuleta fujo kama ya Mamboleo. Kwa kawaida kuna usajili mbovu nyuma yake.

Elewa jinsi spika inavyosikiliza. Kinachopimwa hasa ni namna unavyotamka yale maneno ya kuiamsha, "Hey Google" au "OK Google". Usajili wenyewe hufanyika kwa maikrofoni ya simu yako: unayasema maneno hayo mara kadhaa ndani ya programu ya Google Home, simu inatengeneza kielelezo cha sauti yako, na kielelezo hicho ndicho spika inachokitumia kukulinganisha. Kwa hiyo kila kilichoingia kwenye maikrofoni ya simu siku ile kimo ndani ya kielelezo chako: televisheni, mtoto anayecheka, na hata namna uliyobana sauti kwa sababu uliona haya kuongea na simu mbele ya watu.

Nikamuuliza dada walivyosajili. Akaniambia walikaa sofani wote, binti akimshikia mama simu na kumwonyesha jinsi ya kutamka, "sema hivi, Mama," huku akitamka yeye kwanza. Bila shaka sauti ya binti iliingia kwenye usajili wa mama. Zaidi ya hayo, dada alikuwa akimwiga binti matamshi yake, yale ya haraka ya "hegugo", ilhali jikoni akiwa peke yake husema polepole, "Hei, Gugol". Alisajili sauti isiyo yake.

Tulifuta usajili wa wote wawili, kwani ukimrekebisha mmoja tu, kielelezo kibovu cha mwenzake hubaki kikimvuta. Katika programu ya Google Home unagusa picha ya akaunti yako, unaingia kwenye mipangilio ya Assistant, ule msaidizi wa Google anayejibu amri za sauti, na kutafuta `Voice Match`. Mpangilio wa kurasa hubadilika programu inaposasishwa, lakini neno hilo halikosekani, na programu ina kisanduku cha kutafutia. Kila mtu afanye hivi kwa simu yake na akaunti yake.

Kisha kila mmoja alisajili peke yake chumbani, mlango umefungwa, televisheni imezimwa. Simu tuliiweka mezani, hatua moja kutoka kwake, badala ya kuibandika mdomoni, kwa sababu spika husikia sauti iliyosafiri hewani na si pumzi. Nikamwambia dada, "Tamka kama unavyotamka ukiwa na mwiko mkononi." Alipotaka kurekebisha matamshi yake yawe ya Kizungu nilimzuia. Lafudhi si kosa. Kosa ni kusajili kwa lafudhi moja na kuamuru kwa nyingine.

Baada ya hapo dada alitambuliwa mara tisa kati ya kumi, na binti mara nane. Hazikuwa kumi, na hazitakuwa. Panapokuwa na sauti za mama na mwana zilizokaribiana namna hii, makosa machache yatabaki. Ndiyo maana nilimkataza dada kabisa kuweka idhini ya manunuzi kwenye spika hiyo. Utambuzi wa sauti hupanga nyimbo vizuri, lakini si kufuli.

Kabla sijaliacha hili la jikoni, kuna jambo la pili lililokuwa likimwangusha dada. Nyumba ina mabati bila dari upande wa nyuma. Kisumu mvua ya jioni ikishuka kutoka ziwani, pale jikoni hata watu wawili hawasikizani. Siku ile ilinyesha mwendo wa saa kumi, na dada, ambaye saa moja kabla alikuwa anatambuliwa vizuri, akawa mgeni kabisa. Hakuna usajili unaotibu hilo. Tuliitoa spika juu ya kabati, tukaiweka kwenye rafu ya ukuta karibu na mlango wa jikoni, mbali na kona, ambako sauti hujirudia. Jambo lile lile hutokea spika yenyewe ikiwa inapiga muziki kwa nguvu: inasikia kwamba imeitwa, lakini haimtambui vizuri aliyeita. Punguza sauti kwanza kwa kugusa upande wake, ndipo uombe wimbo wako.

Dalili: ilikuwa inakutambua, sasa wewe ni mgeni

Kijana alikuwa na hakika kwamba spika imeharibika. Nilipomsikia akiongea nikaelewa. Alisajiliwa Januari akiwa na sauti nyembamba ya mtoto, na sasa kooni mwake kuna sauti ya mwanamume. Kielelezo cha Januari hakimhusu tena. Alisajili upya kwa dakika mbili na akatambuliwa papo hapo. Nikamwambia arudie likizo ijayo, kwa sababu sauti inayovunjika haitulii mara moja.

Kwa mtu mzima, dalili hii huwa na sababu nyingine. Angalia kwanza kama spika ilirudishwa kwenye hali ya kiwandani. Stima kupotea peke yake hakufuti sauti. Spika ikiwaka inaendelea kama kawaida. Lakini kwenye Nest Mini, ukizima maikrofoni kwa kile kiswichi cha ubavuni kisha ukibonyeza katikati ya sehemu ya juu na kushikilia kwa takriban sekunde kumi na tano, kila kitu kinafutika, na mtoto mdogo anaweza kufanya hivyo akicheza. Utaijua kwa kuwa inahitaji kuunganishwa na waifai upya, na hakuna hata mmoja anayetambuliwa.

Angalia pia lugha. Kiswahili hakimo katika orodha ya lugha za Assistant kwenye spika hizi, na hilo linaniuma, kwa sababu nyumba nyingi huku huongea Kiswahili na lugha ya mama siku nzima. Simu ikiwa imewekwa Kiswahili, weka lugha ya Assistant iwe Kiingereza, ya aina ile ile kwa watu wote wa nyumba. Mwisho, hakikisha kwamba akaunti iliyosajiliwa ni ile iliyokaribishwa kwenye "nyumba" hiyo ndani ya programu. Nimewahi kumkuta mama Nakuru ambaye alisajili sauti kwa barua pepe ya kazini huku aliyokaribishwa nayo ni ya kibinafsi. Akaunti za kazini pia hufungiwa mambo mengi na msimamizi wa ofisi, kwa hiyo ziache kando.

Dalili: inakuita kwa jina lako, lakini nyimbo ni za mwingine

Hapa ndipo shemeji alipoingia. Spika ilimjua kumi kwa kumi, lakini akiomba muziki alipewa rumba ya mkewe. Sauti haikuwa na kosa lolote.

Kumjua mtu hakumpi akaunti ya muziki. Kila mmoja, ndani ya programu ya Google Home kwenye simu yake, ni lazima aunganishe huduma yake ya muziki na kuichagua kuwa ya kawaida. Shemeji alipofika hatua hiyo aliandika jina na nywila ya Spotify ya mkewe, kwa kuwa nyumba nzima ilikuwa ikilipia akaunti moja. Kwa hiyo spika ilimtambua vizuri sana, kisha ikaingia mlango ule ule.

Akaunti hiyo moja ilikuwa imeleta dalili nyingine ambayo dada hakuihusisha kabisa. Muziki ulikuwa ukikatika ghafla jioni. Yeye alilaumu mtandao. Kumbe ni shemeji, akiwa barabarani kutoka Kericho, anawasha nyimbo garini. Akaunti ya mtu mmoja ya Spotify haipigi sehemu mbili kwa wakati mmoja. Ikianza garini, nyumbani inanyamaza. Muziki ukikatika bila waifai kupotea, muulize aliye safarini kwanza.

Walihamia kwenye kifurushi cha familia, ambacho huruhusu akaunti sita za watu wanaokaa anwani moja. Kila mtu akafungua akaunti yake, akaiunganisha kwa simu yake, akaichagua. Jambo la kuzingatia hapa ni kuondoa kiungo cha zamani kwanza. Shemeji alipojaribu kuunganisha akaunti mpya juu ya ya zamani, simu yake ilikuwa bado imekumbuka nywila ya mkewe, ikaunganisha ile ile. Ilibidi atenganishe, atoke kwenye Spotify ya mkewe kwenye simu, aingie kwa yake, ndipo aunganishe tena. Jaribio lake ni rahisi: omba orodha ambayo umeitunga mwenyewe na ukaipa jina lisilo la kawaida. Ikicheza hiyo, uko kwako.

Dalili: kila mtu anatambuliwa, akaunti ziko sawa, na bado orodha zako zinaharibika

Hii ilituchukua muda. Binti alikuwa na simu ya zamani ya mamake, na Spotify ya mama ilikuwa bado imefunguliwa humo. Badala ya kuongea na spika, alikuwa akirusha nyimbo kutoka kwenye simu kwa kugusa ile alama ya vifaa. Ukirusha kutoka kwa simu, spika haisikilizi sauti ya mtu yeyote. Inapiga akaunti iliyo ndani ya simu, basi. Bluetooth ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mnaweza kusajili sauti kwa ustadi wote na bado uchafu uingie kwa mlango huu.

Dada alitoa akaunti yake kwenye simu ile, na binti akaingia kwa yake. Kisha tukasafisha yaliyokwisha kuharibika. Kwenye Spotify unafungua orodha inayokupotosha, unagusa nukta tatu, na kuchagua isihesabiwe kwenye ladha yako. Orodha inabaki lakini haikuongozi tena. Wanaotumia YouTube Music hufuta nyimbo zenyewe kwenye historia. Mapendekezo hayarudi siku hiyo hiyo. Inabidi usikilize ya kwako kwa siku kadhaa ili yaizidi gengetone ya mwezi mzima.

Mtu asiye na simu janja

Dani hupenda benga na ohangla, na spika anaipenda kuliko wote. Ana simu ya vitufe. Sauti isiyotambuliwa ikiomba muziki hupewa akaunti ya aliyeisanidi spika mwanzoni, na huyo alikuwa dada. Kwa hiyo kila "Gugo" ya Dani, pamoja na kila wimbo uliowashwa na kijana tangu sauti yake ibadilike, viliandikwa kwa jina la dada.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kumfungulia Dani akaunti kwenye simu ya zamani na kumsajili sauti. Tulijaribu. Alitamka "Ei Gugo" mara nne kwa utulivu, na programu ikamkubali. Lakini kumtambua ni kitu kimoja, na kuelewa ombi lake ni kingine: akisema jina la mwanamuziki kwa matamshi ya Kiluo, spika iliyofunzwa Kiingereza ilileta vitu vya ajabu, na Dani akakata tamaa.

Tukachukua ya pili. Tuliirudisha spika kwenye hali ya kiwandani na kuisanidi upya, safari hii kwa akaunti ya nyumba isiyo ya mtu yeyote, iliyounganishwa na nafasi ya sita ya kile kifurushi cha familia. Sauti yoyote isiyojulikana, ya mgeni, ya jirani, au ya dada mwenyewe mvua ikinyesha, sasa inaangukia huko. Kisha wanne wakasajili sauti zao tena juu yake. Kwenye akaunti hiyo ya nyumba binti alitunga orodha ya benga na ohangla, akaipa jina fupi ambalo spika hulisikia vizuri hata kwa matamshi ya nyanya yake: "Dani".

Jioni ile, kabla sijaondoka kuelekea stendi, Dani aliisogelea rafu, akashika mlango kwa mkono mmoja, akasema, "Ei Gugo, play Dani." Gitaa la benga likaanza. Dada akafungua simu yake na kutazama historia ya nyimbo. Wa mwisho bado ulikuwa ule wa rumba aliousikiliza mchana.